Pampu Moja, Watu Wangapi? Hesabu ya Gridi Upande wa Bogoro

Bogoro iko wilayani Irumu, mkoani Ituri, kusini mwa Bunia, kwenye barabara inayoteremka hadi Kasenyi, ziwani Albert. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata, vinataka pampu moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500, na nyumba isiwe mbali na maji kupita mita 500. Lakini watu hao watapatikana katika daftari gani, ikiwa sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984? Hapo ndipo gridi ya watu inapokuja, kama ile ya WorldPop ya Chuo Kikuu cha Southampton: ramani iliyokatwa katika seli za mita 100 hivi kila upande, na kila seli ina makadirio ya idadi ya watu. Unachora mpaka wa eneo linalohudumiwa na kila pampu, kisha unajumlisha seli zilizomo. Kujumlisha ni kazi ya sekunde chache. Hoja yangu ni kwamba jibu huamuliwa na mpaka uliochorwa kabla ya kujumlisha, na ndiko makosa mengi yanakojificha.

Tuseme kuna pampu mbili zilizoachana kwa mita 600, na kila moja imechorewa duara la nusu kipenyo cha mita 500. Kila duara lina hekta 78 na kidogo, na jometri haina huruma: asilimia 28 hivi ya kila duara imo pia ndani ya lile jingine. Ikiwa kila duara linatoa watu 560, mkaguzi ataandika kwamba pampu zote mbili zimezidiwa na ataomba ya tatu. Kumbe watu kama 160 wamehesabiwa mara mbili. Waliopo ni 960, na kila kaya ikipewa pampu iliyo karibu nayo zaidi, kwa mstari unaopita katikati ya pampu hizo, kila moja inabaki na 480 ikiwa nyumba zimetawanyika sawasawa. Kuligundua kosa hili ni rahisi: jumla ya pampu zote ikizidi jumla ya gridi katika eneo zima, kuna watu waliohesabiwa zaidi ya mara moja.

Ukingo nao una hila yake. Kwa kuwa seli halisi ni ndogo kidogo kuliko mita 100 kila upande, duara hilo lina ukubwa wa seli 91 hivi, lakini mzingo wake unakata seli zipatazo 43. Programu inayochukua kila seli iliyoguswa itajumlisha kama 113, yaani karibu robo zaidi ya haki yake. Iliyo bora huchukua kila seli kwa sehemu iliyomo ndani ya mpaka, kama amri hii ya R:

```
exact_extract(watu, maeneo, 'sum')
```

Mita za duara zipimwe katika mfumo wa UTM (kwa Bogoro ni ukanda wa 36 Kaskazini), kisha mipaka irudishwe kwenye mfumo wa gridi. Gridi yenyewe isigeuzwe, maana seli zikikatwa upya, jumla ya watu hubadilika.

Wapo watakaosema watu hawafuati kisima cha karibu. Hufuata maji matamu, foleni fupi na njia isiyo na mlima. Ni kweli, na katika nchi ya vilima kama hii mita 500 za ramani zinaweza kuwa safari ndefu kwa mwenye dumu la lita 20. Basi duara libadilishwe kwa eneo la muda wa kutembea, au mpaka usogezwe pale wenyeji wanaposema hawavuki. Kujumlisha kunabaki kule kule. Pingamizi zito zaidi linahusu gridi yenyewe. Gridi nyingi huchukua jumla iliyokadiriwa ya eneo kubwa na kuigawa kwa kufuata majengo na dalili nyingine zinazoonekana kutoka angani, na setilaiti huona paa, haioni nani analala chini yake. Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003 na walionusurika wakakimbia. Ituri imeshuhudia watu wakihama tena na tena tangu hapo. Nyumba zilizoachwa hupewa watu, na kambi ya maturubai iliyoota baada ya picha kupigwa hupewa sifuri.

Je, si afadhali kuhesabu kwa miguu? Kwa kijiji kimoja, ndiyo, bila ubishi. Kwa mamia ya pampu za mkoa mzima, gridi inafaa kuonyesha uwiano, huku hesabu ya miguu ikisahihisha kiwango. Wahudumu wa afya wa vijiji wakihesabu kaya za eneo moja la afya wakapata watu 7,200 pale gridi ilipotoa 9,000, idadi ya kila pampu ya eneo hilo izidishwe kwa 0.8, na wale 480 wawe 384. Kambi haiingii katika kuzidisha huko: watu wake huhesabiwa hema kwa hema, kisha huongezwa kwenye pampu wanayochota.