Fahamu: Kwa nini dawa moja humezwa tumbo tupu na nyingine baada ya kula

Wafugaji wanaoishi kuzunguka Mlima Meru wanaifahamu brusela, homa inayoletwa na maziwa mabichi. Tiba yake ya kawaida ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, pamoja na rifampisini mara moja, kwa wiki 6. Dawa hizi mbili hazitaki tumbo la aina moja.

Rifampisini hufyonzwa vizuri tumboni pasipo na kitu. Chakula hupunguza kiasi kinachoingia kwenye damu. Doksisaiklini huvumilia chakula, na chakula huzuia kichefuchefu. Adui yake ni maziwa: kalisi iliyomo huishika dawa, na sehemu yake hutoka mwilini bila kufanya kazi. Dawa za kiungulia nazo hufanya hivyo, tena kwa nguvu zaidi.

Basi meza rifampisini saa 12 asubuhi kwa maji. Saa 1 kunywa chai ya rangi na kitafunwa, kisha umeze doksisaiklini kwa glasi nzima ya maji. Loshoro yenye mtindi isubiri mchana. Dozi ya pili imeze baada ya chakula cha saa 1 usiku, usilale kwa angalau nusu saa, maana kidonge kikikwama huunguza koo la chakula.

Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kawaida ya rifampisini. Ukitumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie mfamasia, kwani rifampisini huvidhoofisha.