Kitufe cha jumla kinapokisia, wewe kagua

Vikundi vingi vya VICOBA vya Mbagala, Tandika na Bunju vimehamisha daftari la hisa kwenye Excel, mara nyingi kwa msaada wa kijana wa steshenari. Kitufe kinachopendwa kuliko vyote ni kile chenye alama ya Σ, AutoSum, kilichopo upande wa kulia wa kichupo cha Home. Wengi hukibofya, wakaona namba imetokea, wakaiamini. Lakini kitufe hiki hakijui kikundi chako. Kinakisia tu ni seli zipi ulitaka zijumlishwe, na wakati mwingine hakikuulizi kama kimekisia sawa.

Tuchukue kikundi chenye makundi madogo mawili ya watu watano. Kundi la kwanza lipo safu mlalo ya 3 hadi ya 7, la pili ya 11 hadi ya 15, na kati yao kuna mstari wa jumla, mstari mtupu na mstari wa vichwa. Hisa za wiki nne zimo kuanzia B hadi E. Wiki ya kwanza kundi la kwanza liliweka 10,000, 6,000, 10,000, 8,000 na 6,000. Jumla ni 40,000.

Ukisimama B8 peke yake na kubofya Σ, mstari wa vitonevitone huzunguka seli ambazo kitufe kimezikisia, na fomula husubiri ubonyeze Enter. Hapo ndipo pa kutazama. Kama kichwa cha safu umeandika 1 badala ya "Wiki 1", kitufe hukihesabu kuwa fedha na jumla inakuwa 40,001. Kama mwanachama hakuja na ukaacha seli tupu, ukisiaji huishia kwenye pengo hilo na walio juu yake wanaachwa nje. Andika 0. Mzingo ukikosea, buruta kipanya juu ya seli sahihi kabla ya Enter.

Kujumlisha makundi yote mawili kwa mpigo ni rahisi vilevile. Chagua B8 hadi E8, shikilia Ctrl, chagua B16 hadi E16, kisha bofya Σ mara moja. Jumla nane zinaandikwa papo hapo, kila moja ikichukua namba za kundi lililo juu yake. Lakini ukichagua seli nyingi namna hii, Excel haionyeshi vitonevitone wala haingoji Enter. Kwa hiyo simama kwenye B8, kisha B16, usome fomula kwenye mstari wa fomula ulio juu ya jedwali.

Jumla ya kila mwanachama nayo ipatikane kwa pamoja: chagua F3 hadi F7, ongeza F11 hadi F15 kwa Ctrl, bofya. Ukienda seli moja moja kushuka chini, kitufe huweza kuacha namba za kushoto na kukamata jumla ulizokwisha kuweka juu.

Jumla kuu ya wiki haipatikani kwa kuburuta kutoka B3 hadi B16, kwani jumla ndogo zitahesabiwa tena na fedha zitaonekana mara mbili. Simama B18, bofya Σ, bofya B8, shikilia Ctrl, bofya B16, kisha Enter:

```
=SUM(B8,B16)
```

Kwenye baadhi ya kompyuta alama ya katikati huwa nukta mkato, kufuatana na mipangilio ya nchi.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni letu kabisa: kuandika 8,000/= kama kwenye risiti. Kwa Excel hayo ni maneno, si namba, na SUM huyaruka kimya. Fomula ya B3 hadi B7 itatoa 32,000 bila onyo lolote. Dalili yake ni seli iliyoegemea kushoto wakati wenzake wameegemea kulia. Andika 8000 tu.

Kuna njia ya kulikamata. Bofya mshale mdogo ulio kando ya Σ. Utaona Sum, Average, Count Numbers, Max na Min. Simama kwenye seli tupu pembeni, chagua Count Numbers, buruta B3 hadi B7, bonyeza Enter. Kipimo hiki huhesabu namba pekee. Wanachama ni watano. Kikitoa 4, kuna seli yenye maneno au iliyo tupu. Max nayo hufichua sifuri iliyozidi, pale 10,000 ilipogeuka 100,000.

Mweka hazina, kabla ya kuwasomea wanachama jumla kwenye kikao, jumlisha B8 hadi E8, kisha F3 hadi F7. Majibu yakitofautiana, usisome chochote mpaka upate seli yenye kasoro.