Wanafunzi Wametengeneza Katuni: Taarifa Yake Iandikwe Vipi?

Redioni na magazetini hufika taarifa nyingi zinazoanza hivi: "Uongozi wa shule, kwa kushirikiana na kamati ya wazazi, una furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote…" Baada ya hapo hutajwa mgeni rasmi na vyeo vyake, halafu wafadhili. Habari yenyewe, kwamba watoto wa hapa hapa wametengeneza filamu na wataionyesha kwa majirani zao, inakuja aya ya nne. Mhariri mwenye haraka hafiki huko. Nafasi ikiwa finyu, kawaida huanza kukata kutoka chini, na kwa taarifa ya namna hiyo kinachokatwa ni filamu yenyewe.

Tuchukue mfano. Tuseme wanafunzi 14 wa sekondari moja ya Bagamoyo wametengeneza katuni ya dakika 5 kuhusu binti wa mvuvi na uvuvi wa baruti. Wamefinyanga watu na mitumbwi kwa udongo, wakawa wanawasogeza kidogo kidogo na kupiga picha kwa simu iliyofungwa imara juu ya meza. Katuni za namna hii mara nyingi hupigwa picha 12 kwa kila sekunde moja. Dakika 5 ni sekunde 300, kwa hiyo zinahitajika picha 3,600. Binti akiinua mkono kwa sekunde mbili tu, mtu ameugusa mkono ule mara 24, na meza ikitikiswa katikati, picha inaruka na kazi inaanza upya.

Hiyo ndiyo habari, tena ndiyo inayomfanya msomaji atake kuja kuona. Basi sentensi ya kwanza ya taarifa iwe hivi: "Wanafunzi 14 wa Bagamoyo wataonyesha Jumamosi, saa 1:00 usiku, katika uwanja wa shule yao, katuni ya dakika 5 waliyoitengeneza kwa udongo, simu moja na picha 3,600." Tarehe kamili na jina la shule vinaingia humo humo. Sentensi ya pili iseme hadithi inahusu nini, ya tatu iseme kiingilio ni bure au ni kiasi gani. Mgeni rasmi anastahili heshima yake, lakini akae chini ya hapo. Weka pia kauli ya mwanafunzi mmoja akieleza jambo alilolifanya kwa mikono yake. "Tunawashukuru walimu" haimwonyeshi msomaji kitu. Akieleza walivyoyafanya maji ya bahari kwa karatasi za nailoni, msomaji anaiona meza ile.

Suala la saa linaharibu shughuli nyingi. Kama filamu itaonyeshwa nje kwa projekta, giza lazima liwe limeingia. Pwani yetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na kabla ya hapo turubai litaonekana jeupe tupu. Usiwaite watu saa 10 wakakae juani. Andika "saa 1:00 usiku" kwa ukamilifu, maana "saa 7" peke yake wengine wataielewa kuwa mchana. Taja pia mvua ikinyesha watu wahamie wapi.

Kabla ya kutuma, kuna mambo mawili ya kukamilisha. Nchini Tanzania, filamu ya kuonyeshwa hadharani inatakiwa ipite Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja la watazamaji. Kenya kuna bodi yao ya kazi hiyo. Ulizia mapema, kwa sababu kutangaza tarehe kabla ya kibali ni kuwaweka watoto pabaya. La pili ni ridhaa ya wazazi, kwa maandishi, kwa kila mtoto ambaye jina au sura yake itatoka. Mzazi akikataa, mtaje mtoto huyo kwa kazi yake tu: mfinyanzi, mpiga picha, mtoa sauti.

Ambatisha picha mbili, moja ya kutoka ndani ya filamu, nyingine ya mikono ikisogeza udongo. Zitume kwa barua pepe au kama faili, kwani picha ya kawaida ya wasapu hupunguzwa ubora na gazetini hutoka na ukungu. Redio ya jamii haihitaji picha; itumie sauti ya mhusika wa katuni, sekunde 20 zinatosha. Namba ya simu iwe ya mtu atakayepokea, si ya ofisi inayofungwa saa 9 alasiri. Tuma wiki mbili kabla, ukumbushe siku mbili kabla.

Mwisho, mpe jirani asiyejua lolote kuhusu filamu hiyo akusomee taarifa kwa sauti, kisha umuulize ni lini, wapi, na nani ametengeneza nini. Akikosa hata jibu moja, rudi ukaiandike upya kabla hujaituma.