Kabla msimamizi wa seva hajaaga

Msimamizi wa seva akiacha kazi, ofisi humdai nywila na funguo za chumba. Ni nadra kumdai maelezo ya vituko vya seva hiyo na namna alivyovitibu. Vituko hivyo havimo katika mwongozo wowote, maana vimetokana na vifaa na mazoea ya ofisi yenyewe.

Tuchukue kimoja ambacho wasimamizi wengi wa Linux wanakifahamu. Seva ya ofisi hutunza faili za wahasibu, na kila usiku huzinakili kwenye diski ya nje ya USB. Diski hiyo hufunguliwa kupitia folda ya `/mnt/nakala`.

Umeme ukikatika na kurudi, huenda seva ikawaka kabla diski haijawa tayari. Ndiyo maana msimamizi ameandika `nofail` ndani ya `/etc/fstab`, ili seva iendelee kuwaka hata diski isipoonekana. Bila neno hilo, kwa kawaida seva ingeisubiri kwa sekunde 90, kisha ingekwama katika hali ya dharura.

Tatizo ni kwamba folda ya `/mnt/nakala` inabaki palepale, sasa ikiwa folda tupu ndani ya diski ya seva yenyewe. Nakala za usiku huandikwa humo bila onyo lolote. Siku kadhaa baadaye diski ya seva hujaa, na kazi hukwama kwa ujumbe `No space left on device`.

Mgeni akiiunganisha tena diski ya nje hujitia kwenye fumbo, kwa sababu faili zilizoandikwa pasipo mahali pake hufunikwa. `df -h` humwambia diski imejaa, lakini `du` haimwonyeshi kilichoijaza. Dawa ni kuitoa diski ya nje kwa `umount /mnt/nakala`, kisha kutazama kilichobaki ndani ya folda. Kabla ya kufuta chochote, aendeshe `mountpoint /mnt/nakala` kuhakikisha diski kweli imetoka. La sivyo atafuta nakala halisi.

Kinga yake ni mstari mmoja mwanzoni mwa skripti ya kunakili:

```
mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1
```

Hapo seva haitajaa tena kwa sababu hiyo, lakini diski isipokuwepo hakuna nakala itakayofanyika, tena kimyakimya. Lazima mtu akague tarehe ya nakala ya mwisho kila wiki.

Katika hati ya makabidhiano, kituko hiki kinahitaji mistari minne: dalili inayoonekana, chanzo chake, tiba kwa amri kamili, na onyo la kisichopaswa kuguswa. Onyo ndilo husahaulika: mrithi akiona `nofail` anaweza kuifuta akidhani anasahihisha kosa.

Kwa hiyo, meneja, usisaini fomu ya kuondoka kwa kuwa hati imewasilishwa tu. Mwache mrithi atekeleze kila tiba kwa mikono yake, huku anayeondoka akimtazama bila kumwelekeza. Atakapokwama, hapo ndipo hati inahitaji kuongezwa maelezo.