Ugomvi wa Chenji ya Elfu Mbili

Mwaka 2019 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu ilitoa ripoti kubwa kuhusu mauaji duniani. Katika kila washukiwa kumi wa kuua, tisa walikuwa wanaume. Waliouawa nao, takribani wanane katika kila kumi, walikuwa wanaume vilevile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya habari za mauaji ni habari za mwanamume na mwanamume mwenzake.

Jambo hili lipo wazi kiasi kwamba wasomi wa uhalifu walikaa karibu karne nzima bila kuliuliza. Mwitaliano Cesare Lombroso, ambaye wengi humtaja kama mmoja wa waasisi wa taaluma hiyo, mwaka 1893 aliandika pamoja na Guglielmo Ferrero kitabu kizima kuhusu mwanamke mhalifu, kana kwamba yeye ndiye kioja cha kuelezwa. Mwanamume mhalifu aliitwa mhalifu tu, basi. Alichunguzwa kama maskini, kama mlevi, kama kijana wa mtaa mbovu, lakini si kama mwanamume. Miaka ya 1970 wanawake wasomi walianza kulipinga hilo. Carol Smart wa Uingereza alitoa kitabu chake mwaka 1976. Hoja yao ilikuwa rahisi: maskini wa mtaa mmoja wana dada zao, waliolala njaa ileile na kulelewa na mama yuleyule. Kama umaskini ndio unaoua, mbona dada hawaui kwa kiwango hicho?

Tuanze na mauaji yenyewe yanavyotokea, maana wengi wetu tunayafikiria kwa picha za sinema: mpango, kinyongo cha miaka, fedha nyingi. Marvin Wolfgang alipopitia mafaili ya polisi ya Philadelphia, Marekani, ya mwaka 1948 hadi 1952, alikuta watu 588 waliouawa, na kundi kubwa la sababu lilikuwa ugomvi ulioanzia kwenye jambo dogo: tusi, kusukumana, neno la dharau. Tena katika visa 150 kati ya hivyo, aliyekufa ndiye aliyekuwa wa kwanza kutumia nguvu au kuchomoa silaha. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1977, David Luckenbill alichukua mauaji sabini hivi ya kaunti moja ya California akayafuatilia hatua kwa hatua, neno kwa neno, ili aone yalivyopanda.

Utaratibu alioukuta unatambulika hata kwetu. Tuseme ni Jumamosi jioni kwenye kilabu cha pombe. Dereva wa bodaboda anadai chenji yake ya shilingi elfu mbili kwa fundi baiskeli aliyemtuma dukani. Fundi anajibu kwa kejeli, watu wanacheka. Hiyo ni hatua ya kwanza: dharau imetendeka, na imetendeka mbele za watu. Hatua ya pili dereva anaipima: ni mzaha au ananidharau kweli? Pengine anamgeukia jirani, na jirani anamwambia, “Huyo anakuona mtoto.” Hatua ya tatu anajibu, na mara nyingi jibu lenyewe huwa bado ni maneno: “Rudia ulivyosema.” Hapa ndipo kisa kizima kinapoamuliwa, kwa kuwa fundi sasa ana njia mbili tu. Akinyamaza au akiomba radhi, amekubali mbele ya wenzake kwamba yeye ni mdogo. Akirudia, amekubali mapambano. Hatua ya nne, anarudia. Hatua ya tano ni pigo, na kwa kuwa meza ina chupa, pigo linakuwa la chupa. Hatua ya sita, mmoja yuko chini, na mwingine anakimbia, au anashikwa, au anabaki amesimama pale pale asielewe.

Elfu mbili imeshasahaulika tangu hatua ya pili. Na watazamaji si mapambo: wapo wanaochochea, wapo wanaokaa kimya, na kimya hicho nacho wagombanao hukisoma kama ruhusa. Pale mtu mzima mmoja anaposimama katikati na kumvuta mmojawapo nje, anafanya kitu kikubwa kuliko kuzuia ngumi. Anampa njia ya kuondoka ambayo haihesabiwi kuwa amekimbia. “Sikumwachia, wazee walinishika.” Ukisikia sentensi hiyo ujue mauaji yamekwepwa.

Sasa, mwanamke naye hutukanwa, hudaiwa, hudharauliwa mbele za watu. Tofauti ni kwamba akiondoka, hakuna atakayesema kwamba kuanzia leo si mwanamke. Hapo ndipo nadharia za jinsia zinapoingia. Raewyn Connell wa Australia alieleza kwamba kila jamii huwa na sura ya uanaume inayowekwa juu ya nyingine zote, sura ambayo wachache huifikia lakini wote hupimwa nayo. Mmarekani James Messerschmidt, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu uanaume na uhalifu, aliichukua hoja hiyo akaipeleka mbele. Kwa maoni yake, uanaume si kitu mtu anachozaliwa nacho kikatulia mwilini. Ni kazi ya kuonyesha, ya kila siku, tena kwa wengine. Mwenye mshahara mnono huionyesha kwa gari na kwa kutoa amri ofisini. Mwenye shamba, kwa shamba lake. Asiye na hayo hubaki na alichonacho, na mara nyingi alichonacho ni mwili wake. Vurugu, kwa Messerschmidt, ni mojawapo ya vifaa vya kuthibitisha uanaume pale vifaa vingine vinapokosekana au vinapochezewa.

Ukiishia hapo, swali la wazi linakuja: wanaume wengi hawana gari wala amri, na hawajamgusa mtu. Messerschmidt alilijua swali hilo, ndiyo maana baadaye akakaa na vijana wa Marekani wa tabaka la wafanyakazi na kuwasikiliza maisha yao tangu utotoni. Watatu kati yao anawalinganisha kwa undani, na mimi naona ulinganisho huo una uzito kuliko takwimu nyingi. Wa kwanza alilelewa na babu aliyemfundisha kwamba anayekuchokoza hujibiwa kwa ngumi. Alikuwa na mwili wa kuweza, na shuleni akawa mpiganaji anayeogopwa. Wa pili alitaniwa na kupigwa shuleni kwa sababu ya unene. Alitaka kujibu kwa ngumi kama wenzake, lakini mwili haukumruhusu. Akaenda kuutafuta ukubwa pale ambapo hapakuwa na wa kumshinda: akamdhulumu kingono ndugu yake mdogo nyumbani. Wa tatu naye alionewa shuleni vilevile. Lakini nyumbani kwao baba hakupima uanaume kwa kupigana, na maonezi alipoyaleta mezani yalizungumzwa. Hakumdhuru mtu.

Changamoto ya shuleni ilikuwa moja kwa wawili wa mwisho. Kilichowatenganisha ni kipimo cha uanaume walichopewa nyumbani, na kama kulikuwa na namna ya kukifikia bila kumwumiza mtu.

Kwetu Afrika Mashariki mtafiti aliyelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu ni Margrethe Silberschmidt wa Denmark, aliyeanzia Kisii, Kenya, kisha akafanya kazi katika mitaa ya kipato cha chini ya Dar es Salaam. Anaeleza kwamba wakati wa ukoloni wanaume walivutwa kwenye vibarua vya mbali, na heshima ya baba ikafungwa kwenye fedha anayoleta. Miongo ikapita, ajira zikawa haba, mashamba ya Kisii yakagawanywa hadi yakawa vipande. Mama akawa ndiye anayelima, anayeuza sokoni, anayelipa ada. Mila ikaendelea kumwita mume kichwa cha nyumba, ilhali nyumba inaendeshwa bila mfuko wake. Silberschmidt anaona kwamba wanaume wengi walijaribu kulijaza pengo hilo kwa mahawara, kwa ulevi na kwa mkono mzito juu ya mke. Angalizo moja hapa: asemaye kwamba wanawake wajirudi nyuma ili wanaume wapoe ameisoma kazi hii kinyumenyume. Kinachoumiza ni kipimo kinachomtaka mtu awe bwana wa mtu mwingine.

Hilo linatupeleka kwenye mauaji ya namna ya pili, ya faragha. Katika ripoti ileile ya 2019, wanawake ni kama mmoja katika kila watano wa waliouawa kwa ujumla. Lakini ukitazama waliouawa na mwenzi wa ndoa au mpenzi peke yao, wanawake wanakuwa zaidi ya wanane katika kila kumi. Hapo hapana watazamaji wala chenji. Mara nyingi hatari hupanda pale mke anapofungasha kuondoka, kwa sababu kuondoka kwake ndiko mume anakokusoma kama hukumu juu yake. Ishara hutangulia: kumfuatilia, kukagua simu, kumkaba shingo hata mara moja. Watu wanaowahudumia wanawake waliopigwa huichukulia alama ya kukabwa shingo kwa uzito kuliko jicho lililovimba.

Wapo wanaosema haya yote ni mzunguko mrefu, na kwamba jibu ni homoni. Siwezi kusema mwili hauna lake. Lakini homoni za kiume hupungua polepole mno kadiri umri unavyokwenda, ilhali vurugu hufika kileleni kati ya miaka ya mwisho ya utineja na ya ishirini, kisha zikashuka kwa kasi. Mwanamume wa miaka 45 bado ni mwanamume. Kilichobadilika ni kwamba huyo huwa na watoto, jina, ufundi na nafasi ya kukaa kwenye vikao. Tusi la kilabuni halina tena cha kumnyang'anya.

Udhaifu halisi wa nadharia hii uko kwingine. Ukitumia uanaume kueleza pigano, wizi wa benki, ukimya na hata upole, unakuwa umeeleza kila kitu na kwa hiyo hujaeleza lolote. Wakosoaji wa Messerschmidt walimwambia hivyo, nami naona walikuwa na haki kiasi. Inafanya kazi vizuri pale tu mtu anapoweza kuonyesha changamoto ilikuwa ipi, nani aliishuhudia, na mlango gani mwingine ulikuwa umefungwa.

Sheria zetu, kwa njia yake, zimeliona hilo zamani. Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya huruhusu kosa la kuua kwa kukusudia lishuke kuwa la kuua bila kukusudia endapo mtu alichokozwa ghafla na tendo au tusi, na hasira ikawa bado haijapoa. Kwa sheria ya Tanzania, kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa: je, naye angeshindwa kujizuia? Kwa hiyo jaji hulazimika kujua ni tusi gani, katika jamii ile, linamfanya mwanamume wa kawaida aokote chupa.