Kazi Isiyo na Jaribio Hata Moja

Toleo jipya la programu likikaribia kutoka, meneja huuliza kama kila kitu kimejaribiwa, na timu humjibu kwa idadi: majaribio mia mbili, yote yamepita. Idadi hiyo haijajibu alichouliza. Majaribio mia mbili yanaweza kuwa yamejazana kwenye ukurasa wa kuingia, na sehemu ya kulipa ikawa haijaguswa. Kinachohitajika ni kujua kila jaribio linapima kazi ipi, kisha kutafuta kazi zilizobaki mikono mitupu.

Tuchukue mfano wa programu ya mikopo ya SACCOS. Kwenye orodha ya kazi mna MK-1, kuomba mkopo. MK-2, kukokotoa riba. MK-3, mdhamini kuridhia. MK-4, kulipa mkopo kabla ya muda. Na MK-5, ujumbe wa kukumbusha marejesho. Anayeandika jaribio huandika papo hapo namba ya kazi linayoipima. Ukisema utaunganisha baadaye, utakuwa unakisia kwa kutazama majina ya majaribio, na majina hudanganya.

Viungo hivyo vikiwekwa kwenye jedwali lake, swali fupi la SQL linatoa kazi zisizo na jaribio. Tuongeze sharti moja: jaribio lililozimwa lisihesabiwe. Katika mfano wetu, MK-2 ina jaribio moja tu, nalo lilizimwa fomula ya riba ilipobadilishwa. Kiungo bado kipo, lakini hakuna kinachopimwa.

```sql
SELECT k.namba, k.jina
FROM kazi k
LEFT JOIN kiungo u ON u.kazi = k.namba
LEFT JOIN majaribio m
  ON m.namba = u.jaribio AND m.hali = 'hai'
GROUP BY k.namba, k.jina
HAVING COUNT(m.namba) = 0;
```

Jibu ni MK-2, MK-4 na MK-5. Tazama sharti la `m.hali = 'hai'` lilipokaa. Wengi hulihamishia kwenye `WHERE`, mahali linapoonekana la kawaida kabisa, na hapo ndipo mambo huharibika. Kazi isiyo na jaribio huwa na `NULL` kwenye safu ya hali, na `NULL` hailingani na 'hai', kwa hiyo `WHERE` huitupa nje. Orodha inarudi tupu, na timu inashangilia. Kinga yake ni rahisi: ongeza kazi ya bandia, MK-99, usiiunganishe na chochote, kisha endesha swali. Isipojitokeza, kasoro iko kwenye swali lenyewe.

Wanaotumia Jira pamoja na Xray hawaandiki SQL. Mfumo huibandika kazi isiyo na jaribio alama ya `UNCOVERED`. Hiyo ni tofauti na `NOTRUN`, inayomaanisha jaribio lipo ila halijaendeshwa. Tofauti hiyo ina uzito: ya pili hutatuliwa kwa kuendesha jaribio, ya kwanza inadai mtu akae na kufikiri.

Sasa turudi kwa MK-3, ambayo haikutokea kwenye orodha. Ina jaribio moja: mdhamini anabonyeza "Nakubali" na ombi linasonga mbele. Je, akikataa? Akikaa kimya mpaka muda uishe? Hayo yote yameandikwa kwenye masharti ya kazi hiyo, lakini kiungo kimoja kimetosha kuiondoa MK-3 machoni petu. Ndiyo maana, kwa kazi zenye matawi kama hii, naona ni heri kuliunganisha jaribio na sharti lake: MK-3a, MK-3b, MK-3c. Ni kazi ya ziada, sikatai, na si lazima kuifanya kwa kila kitu. Lakini ukiendesha swali lile lile juu ya jedwali la masharti, kukataa na kukaa kimya vitajitokeza mara moja.

Wapo watakaosema wanacho kipimo cha asilimia ya mistari ya msimbo inayopitiwa na majaribio. Kinafaa, ila hakiwezi kuhesabu mstari ambao haukuandikwa. Mwandaaji akisahau kabisa kushughulikia mdhamini aliyekaa kimya, asilimia haitashuka hata chembe.

Orodha ikishapatikana, isomeni pamoja na mtu anayeijua biashara, kwa maana mashimo hayalingani. Kazi isiyohitaji jaribio, kama kubadilisha rangi ya kitufe, iandikiwe sababu na jina la aliyeamua, isije ikajirudia kila wiki mpaka watu waache kuisoma orodha. MK-5 inaweza kutoka hivyo hivyo endapo karani atakagua ujumbe wa kwanza kwa macho. MK-2 na MK-4 zinagusa hela ya mwanachama: zisitoke mpaka kila moja iwe na jaribio lililo hai na lililopita.