Mshumaa wa manukato na mwanga wa dirisha

Picha ya tangazo la mshumaa wa manukato hupigwa kwa mianga miwili isiyolingana nguvu. Wa kwanza ni mwanga wa dirisha, ambao huonyesha kinara cha kauri, kitambaa na vitu vilivyopangwa kando. Wa pili ni mwanga wa utambi wenyewe, na huo ndio unaomfanya mtazamaji ahisi utulivu wa chumba. Picha nyingi zinazotolewa na wauzaji kuelekea Krismasi au Idi hupwaya kwa sababu mwanga wa kwanza umeumeza wa pili. Mshumaa unawaka, lakini anayeitazama picha haoni kwa nini umewashwa.

Tofauti ya nguvu hizo hupimika. Mwali wa mshumaa wa kawaida hutoa takriban kandela 1, maana yake kitu kilicho umbali wa mita 1 kutoka kwenye mwali hupata luksi 1 tu. Kikisogezwa hadi sentimita 20 hupata luksi 25 hivi, na kwenye sentimita 10 hupata luksi 100. Meza iliyo karibu na dirisha, hata lile lisilopigwa na jua, mchana hupata mamia ya luksi, na pengine zaidi ya elfu. Ndiyo maana nta inayozunguka utambi huonekana iking'aa wakati wowote, kwa kuwa imekaribiana na mwali, ilhali kitambaa kilicho chini ya kinara hakipati hata chembe ya rangi ya moto. Kuongeza mshumaa wa pili na wa tatu hakusaidii sana. Linaloweza kupunguzwa ni dirisha.

Kabla ya kulipunguza, dirisha lenyewe huchaguliwa. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hupendekeza dirisha linaloelekea kaskazini, kwa sababu huko jua hupita upande wa kusini na dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga peke yake. Afrika Mashariki, iliyo kandokando ya ikweta, ushauri huo hufaa kwa nusu ya mwaka tu. Dar es Salaam, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari, jua hupita kusini mwa utosi, na dirisha la kaskazini hukaa kivulini kutwa nzima. Mwezi Juni mambo hugeuka: jua liko kaskazini, na dirisha linalofaa ni la kusini. Anayetayarisha picha za Krismasi atafute dirisha la kaskazini. Wa Idi itabidi aangalie kalenda kwanza, kwa kuwa Idi huhama kila mwaka.

Dirisha la kivulini bado si laini vya kutosha, na kauri hulisema hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kinara kilichopakwa lile tabaka la kioo linaloyeyukia juu ya udongo wakati wa kuchomwa hufanya kazi kama kioo kilichopinda: dirisha zima huonekana juu ya tumbo lake. Kwenye nyumba nyingi za mijini dirisha hilo lina nondo, na nondo zote hujichora kwenye kauri kama milia myeusi. Mpiga picha mara nyingi hazioni kwa macho, kwa kuwa akili imezizoea, kisha akaja kukutana nazo kwenye skrini. Pazia jepesi jeupe au chandarua kilichokunjwa mara mbili na kutandazwa mbele ya nondo huifuta milia hiyo na kubakisha ukanda mmoja mweupe, mrefu, wenye kingo zinazofifia. Ukanda huo hauondolewi, kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba kinara ni cha mviringo na kwamba uso wake unateleza. Kinara kisichong'aa, chenye uso mkavu kama chungu, hakina shida hii, ila huhitaji mwanga uje kwa pembeni zaidi ili michirizi ya vidole vya mfinyanzi ionekane.

Mwanga hulainika kadiri chanzo chake kinavyokuwa kikubwa kikilinganishwa na umbali wake. Pazia lenye upana wa mita 1, likiwa mita 1 kutoka mezani, hutoa kivuli chenye kingo laini. Meza ikisogezwa mita 3 ndani ya chumba, pazia lilelile huwa chanzo kidogo na vivuli hukakamaa. Upande wa pili wa meza husimamishwa karatasi ya manila nyeupe ili irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Ikikaribia mno, kinara hupoteza umbo na kuonekana bapa.

Mahali pa dirisha kwenye picha pana umuhimu kuliko wanaoanza wanavyodhani. Likiwa nyuma kabisa ya mshumaa, mwali hupotea, kwa sababu hauwezi kuonekana mbele ya kitu cheupe. Likiwa nyuma ya kamera, kila kitu hukosa kivuli. Mkao unaofaa ni ubavuni na nyuma kidogo, ukuta ulio nyuma ya mwali ukiwa wa rangi iliyokolea: kahawia, kijivu au kijani cha majani makavu. Hapo mwali hujitenga na ukuta, na nta hupitisha mwanga kwenye ukingo wake wa juu.

Mshumaa nao huandaliwa. Nta ya soya, inayopendwa na watengenezaji wadogo, hutoka ukungu mweupe kama unga juu yake, na kwenye joto la pwani hutoa matone ya mafuta ya manukato yanayofanana na jasho. Matone hufutwa kwa karatasi laini. Ukungu wa juu huondolewa kwa hewa moto ya mashine ya kukaushia nywele, ikipitishwa haraka mpaka uso uyeyuke kidogo na kutulia. Kuuweka mshumaa kwenye friji ili upoe huleta ufa, au huibandua nta kutoka kwenye bilauri na kuacha mabaka yanayoonekana kupitia kioo. Utambi hukatwa hadi milimita 6. Ukiwa mrefu, mwali hupanda, hucheza na kupaka masizi kwenye bilauri, na masizi hayo kwenye picha ya karibu huonekana kama uchafu wa kiwandani. Picha yenyewe hupigwa dakika chache tu baada ya kuwasha, dimbwi la nta iliyoyeyuka likiwa bado dogo na kingo zikiwa safi.

Vitu vya kando hueleza harufu, jambo ambalo kamera haiwezi. Vijiti vya mdalasini na ganda la chungwa lililokaushwa huweka harufu akilini mwa mtazamaji, mradi ndizo zilizomo kwenye mshumaa. Mdalasini kando ya mshumaa wa lavenda ni uongo ambao mnunuzi huugundua siku anapofungua kifuniko. Blanketi la sufu na soksi nene ni Desemba ya Ulaya. Njombe ya Julai inaweza kuvibeba, lakini kwa Dar es Salaam ya Desemba, ambako feni haizimwi, hiyo ni picha ya kuazima. Starehe ya pwani ina vifaa vyake: kikoi kilichokunjwa, mkeka, kikombe kidogo cha kahawa, chetezo cha udongo. Vitu vitatu hutosha, na hakuna kinachopaswa kuwa kirefu kuliko mwali. Kitambaa na maua makavu hukaa angalau sentimita 30 kutoka kwenye moto. Kwenye picha umbali huo hufichwa kwa kurudi nyuma na kutumia lenzi ya kuvuta karibu, ambayo hubananisha vitu vilivyo mbele na nyuma mpaka vionekane vimegusana.

Mfano mmoja wa Novemba, Dar es Salaam, utaonyesha jinsi dirisha linavyoshushwa. Kinara ni cha kauri ya rangi ya maziwa, ndani yake kuna bilauri ya nta ya soya yenye mdalasini na chungwa, na meza iko mita 1.5 kutoka dirisha la kaskazini lenye pazia jeupe. Taa zote zimezimwa, kwa kuwa taa ya dari ingeleta mwanga wa tatu wenye rangi yake. Feni imezimwa na dirisha limefungwa. Kamera iko kwenye mguu wa pembe tatu. Saa kumi na moja jioni kila kitu kimepangwa, lakini kikoi hakina dalili ya moto. Picha za bidhaa bila mwali, zile za kuonyesha nembo na umbo, hupigwa saa hiyo.

Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na karibu na ikweta giza halichelewi: tangu kuzama hadi mwanga wa anga kupungua sana ni dakika 22 tu au zaidi kidogo. Ndani ya chumba kipindi kinachofaa huanza kabla ya hapo, dirisha linapoteremka hadi makumi ya luksi. Rangi ya chungwa hutokea kwanza kwenye ukingo wa ndani wa kinara, kisha kwenye mkunjo wa kikoi ulio karibu. Kwa ISO 400, f/4 na sekunde 1/8, kinara huonekana kwa rangi yake na joto la moto huonekana kandoni. Hiyo ndiyo picha kuu, na hurudiwa kila dakika mbili mpaka giza. Mara nyingi inayochaguliwa hutoka katikati ya kipindi, si mwishoni, kwa sababu mwishoni kauri hupoteza nakshi zake.

Mwali wenyewe katika picha hiyo huwa doa jeupe, kwa kuwa unang'aa mara mamia kuliko kitambaa. Bila kugusa kamera, hupigwa picha ya pili ya haraka zaidi, kwa mfano 1/250 au pungufu ya hapo, mpaka kingo za manjano za mwali zionekane. Kwenye kompyuta mwali wa picha ya pili huwekwa juu ya wa kwanza. Kwenye simu, kidole hushikiliwa juu ya kinara ili kufunga fokasi na mwangaza, kisha mwangaza hushushwa kidogo kwa alama ya jua. Hali ya usiku huzimwa, kwani huunganisha picha nyingi na kuupa mwali vivuli viwili.

Rangi huamuliwa mwishoni. Mwali una takriban kelvini 1,900, na anga ya kivulini huweza kupita 7,000. Kamera iliyoachiwa ichague yenyewe huona rangi ya moto kama kosa na kulifuta. Mizani ya weupe ikiwekwa kwa mkono kati ya 5,500 na 6,000, kauri hubaki na rangi ya maziwa na moto hubaki wa chungwa. Kinara halisi hushikwa kando ya skrini, mchana, na kulinganishwa na picha, kwa sababu kauri ya maziwa inayotoka manjano kwenye tangazo ndiyo inayorudishwa dukani. Juu ya mwali huachwa nafasi tupu ya thuluthi moja ya picha kwa ajili ya bei na maneno ya msimu, na nafasi hiyo hupigwa pamoja na picha, kwani ukuta wa kubandika baadaye hauna mteremko wa mwanga unaotoka dirishani.